Sorry, excuse me na pardon: kwenye meseji ni moja tu inayofanya kazi

"Hivi ukimkosea mtu kwenye meseji ya Kiingereza unaandika sorry, excuse me au pardon? Mi naona zote ni samahani tu."

Sorry. Karibu kila mara ni sorry. Hizo mbili nyingine ni za watu walio sehemu moja, mmoja anamziba mwenzake njia au hajamsikia, sasa kwenye simu hakuna anayemziba mtu na hakuna asiyesikia, meseji si iko hapo unaisoma hata mara tano ukitaka. Ndo maana ukiziandika hazikai vizuri hata kama spelingi iko sawa.

Nilikuja kuliona hili vizuri kwa jamaa yangu mmoja wa Arusha, dereva wa watalii, Kiingereza cha kuongea anacho kizuri tu, shida inaanza akishika simu. Alikuwa na mgeni wa Kiingereza, mama mtu mzima, kafika bila begi, limebaki njiani huko. Mama akaandika "My suitcase didn't arrive", jamaa kwa roho safi akajibu "Sorry", yaani pole mama. Mama akarudisha "Oh, it's not your fault!" Jamaa akashangaa, mbona sijasema ni kosa langu? Kesho yake sasa ndo akakosea kweli, wameahidiana asubuhi na mapema, akapata pancha Usa River, kafika hotelini dakika 40 nyuma na simu hakupiga. Jioni akaona sorry ilishaleta mkanganyiko, acha nitumie nyingine, akaandika "Excuse me for late". Mama akajibu "OK". Hiyo tu. Akaniletea simu, ona huyu kanuna.

Twende na hiyo excuse me kwanza. Kazi yake ni vikero vidogo vya adabu: unataka kupita katikati ya watu, umepiga chafya, unanyanyuka mezani wenzio bado wanakula, unamwita mhudumu ambaye kakupa mgongo. Kwa kwetu iko karibu zaidi na "naomba nipite" au "samahani kaka" ile ya kumsimamisha mtu umuulize njia, kuliko samahani ya mtu aliyeharibu. Mwaka 1978 watafiti wawili, Ann Borkin na Susan Reinhart, waliandika makala nzima ya kutofautisha excuse me na I'm sorry, na hoja yao ukiifupisha ni kwamba excuse me inafunika utovu wa adabu ambao msemaji kaufanya au yuko mbioni kuufanya, wakati I'm sorry inasema nasikitika kwa sababu kuna mtu kapata baya. Sasa ukimchelewesha mtu dakika 40 hujakosa adabu tu, umemla muda wake, kasimama kwenye baridi na safari yake imepungua. Ukimwambia excuse me ni kama umemkanyaga mtu hadi kiatu kikavuka halafu ukamwambia "naomba nipite". Na Wamarekani na Waingereza hawako sawa kabisa hapa, wakigongana mabega njiani Mmarekani ni rahisi kusema excuse me, Mwingereza anasema sorry, hata aliyegongwa naye anasema sorry.

Kwenye meseji basi excuse me imebaki na kazi mbili tatu tu. Ipo ile ya kuombea radhi uandishi wenyewe, "Excuse the typos", yaani usijali makosa ya spelingi naandika nikiwa kwenye gari, hiyo ni sawa. Lakini ipo nyingine ya hatari. "Excuse me?" ikiwa na alama ya kuuliza na haina kitu kingine maana yake ni "ati umesemaje wewe?", tena kwa jicho kali. Ukitumiwa hiyo ujue umemuudhi mtu, na ukiituma wewe ukidhani unauliza kwa heshima umeanzisha ugomvi. Kama unataka kumuita mtu kwa adabu kwenye meseji, anayokuandikia mwenye Kiingereza chake ni "Sorry to bother you", ndo hodi yao ya kwenye simu.

Pardon ni ya sikio. Hujasikia, unasema "Pardon?" huku sauti inapanda, mwenzio anarudia. Kwenye meseji utarudiwa nini? Na hata huko kwao lina kisa chake, mwaka 1954 profesa mmoja wa isimu wa Birmingham, Alan Ross, alichapisha makala kwenye jarida la Finland akieleza jinsi Waingereza wa tabaka la juu wanavyojulikana kwa maneno wanayotumia, na pardon akaliweka upande wa wasio wa tabaka hilo. Wakubwa wenyewe kama hawajasikia wanasema "What?" kavu kabisa, yaani kile ambacho sisi tungechapwa nacho nyumbani. Mpaka leo wapo Waingereza wanaoona pardon ni adabu ya kujilazimisha. Na ukiirefusha kuwa "I beg your pardon?" kwenye meseji inakuwa ndugu yake ile excuse me ya jicho kali.

Ila kuna watu wetu ambao pardon inawaponyoka kwa sababu ya haki kabisa, nao ni wa Bujumbura, Lubumbashi, Goma huko, walioanza na Kifaransa. Kwenye Kifaransa pardon ni msamaha kwelikweli, unakosa unasema pardon na inatosha. Wakihamia kwenye Kiingereza wanaona neno limeandikwa vilevile herufi kwa herufi, wanaandika "Pardon my friend", na mwenzao anakaa anajiuliza nini hakijasikika.

Tumebaki na sorry, na hii nayo ina mtego wake, ndo uliomkuta jamaa siku ya begi. Sorry imebeba pole na samahani kwa pamoja. Asili yake ni neno la Kiingereza cha zamani lenye undugu na sore, lile la kidonda na maumivu, kwa hiyo ilianza na kuumia moyo, kuomba radhi kukafuata. Mtanzania kazigawa hizo mbili vizuri, mtu kajikwaa unampa pole, wewe ndo umemkwaza unasema samahani, hazibadilishani. (Kenya huko mambo ni tofauti kidogo, utamsikia mtu anakwambia "aki pole" na yeye ndo kachelewa, yaani pole yao inafanya kazi kama sorry, Mtanzania akisikia anabaki anajiuliza huyu ananipa pole ya nini wakati kaniweka yeye.) Mzungu hana maneno mawili hapo, kwa hiyo ukiandika "Sorry" tupu yeye ndo anakisia ni ipi, na kama wewe ndo dereva wake na yeye ndo anayekulipa, anakisia kwamba unajitwisha lawama.

Hili la neno moja kubeba mawili limefika mpaka bungeni kwa watu. Jimbo la Ontario, Kanada, mwaka 2009 lilipitisha sheria inayosema mtu akitamka kwamba he is sorry, hiyo peke yake haihesabiki kuwa kakiri kosa mahakamani, maana watu walikuwa wanaogopa hata kumpa mtu pole wasije wakashtakiwa nayo.

Dawa ni kuipa sorry mkia. Ukitaka iwe pole, taja baya lililompata: "I'm so sorry to hear about your suitcase", hapo hakuna atakayedhani wewe ndo uliyelisahau. Ukitaka iwe samahani, taja ulichofanya wewe, na iwe na mtendaji: "Sorry I was late". Ile "for late" ya jamaa imekatika katikati, baada ya for wanataka tendo au jina la kitu, kwa hiyo ni "for being late" au "for the delay". Na kama huna uhakika sorry yako imekaa upande gani, weka I apologise mahali pake usikie, kwa sababu I apologise ni samahani tupu, haina pole ndani. "I apologise for being late" inakaa. "I apologise about your suitcase" maana yake begi umelipoteza wewe.

Kuna kitu kingine kidogo cha kuangalia, nukta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 126 mazungumzo ya meseji yenye majibu ya neno moja, mengine yana nukta mwishoni mengine hayana, na yenye nukta yakaonekana hayajatoka moyoni sana. Majibu hayohayo yakiwa kwenye karatasi ya mkono hiyo tofauti haikuwepo. Majibu yenyewe yalikuwa ya kukubali jambo, siyo ya kuomba radhi, lakini mi naona "Sorry." iliyofungwa na nukta nayo ina kaubaridi fulani. Ikiwa na sentensi nzima nukta haidhuru mtu.

Tukakaa na jamaa tukaandika upya, ikatoka hivi: "Sorry I was late this morning. We had a puncture, but I should have called you. Tomorrow I will be there at 5:45." Pancha imetajwa mara moja tu bila hadithi, kosa lenyewe ambalo ni kutopiga simu limekubaliwa, na saa imeandikwa ya kizungu, maana angeandika saa kumi na mbili kasoro robo kwa tarakimu zetu mama angesubiri mpaka jua la utosini. Jibu likaja chapu: "No worries at all! See you then."

Miezi kadhaa baadaye huyo mama akamwandikia kwamba mumewe kafariki. Jamaa akanipigia, safari hii anaogopa, akasema nikiandika sorry si ataniambia tena siyo kosa langu? Nikamwambia andika "I'm so sorry for your loss", msiba wala usiupigie hesabu, hapo wote wanajua ni pole. Ukitaka kujua sorry yako imesikika vipi angalia unachojibiwa, samahani inajibiwa "No worries" au "That's OK", pole inajibiwa asante. Akatuma. Usiku mama akajibu: "Thank you. He loved that trip."