Je, mahudhurio ndiyo yanayoleta alama?

"Kila mwaka wanaohudhuria sana ndio wanaopata alama za juu. Kwa nini basi mnasema hilo halithibitishi kwamba kuhudhuria ndiko kunakofaulisha?"

Kwa sababu hakuna aliyechezesha bahati nasibu kuamua nani aje darasani na nani asije. Wanafunzi wamejigawa wenyewe, na yale yaliyowagawa (bidii, afya, utulivu wa nyumbani, kulipenda somo, kulimudu tangu mwanzo) yanaingia nao hadi kwenye chumba cha mtihani. Ukilinganisha makundi hayo mawili, unalinganisha mahudhurio pamoja na mzigo wote huo.

Uwiano wenyewe upo, na si wa kubahatisha. Mwaka 2010, Credé na wenzake walikusanya tafiti nyingi za vyuo vikuu na kuzichambua kwa pamoja, wakapata uwiano wa kama 0.44 kati ya mahudhurio na alama za somo. Sifuri maana yake hakuna uhusiano, na 1 maana yake vitu viwili vinapanda pamoja bila kuachana hata kidogo. Kwa mambo ya elimu, 0.44 ni kubwa. Kwa hiyo anayetaka kubashiri nani atafaulu hatakosea kulitazama daftari la mahudhurio. Ila kubashiri ni jambo moja, na kusababisha ni jambo jingine.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye wanafunzi 200. Mia moja wamehudhuria angalau asilimia 80 ya vipindi, na wastani wao ni alama 66. Mia wengine wako chini ya hapo, na wastani wao ni 54. Pengo ni alama 12, na mwalimu mkuu yeyote angeshawishika kulibandika ukutani.

Sasa turudi kwenye matokeo ya mwaka uliotangulia, kabla mahudhurio ya mwaka huu hayajaanza kuhesabiwa, tuwatenge waliokuwa na alama nzuri na waliokuwa na alama dhaifu. Kati ya wahudhuriaji 100, wazuri ni 80 na dhaifu ni 20. Upande wa watoro, wazuri ni 30 na dhaifu ni 70. Tukiwapima wazuri peke yao, wahudhuriaji wana wastani wa 70 na watoro 68. Kwa dhaifu peke yao, wahudhuriaji wana 50 na watoro 48. Ndani ya kila kundi pengo ni alama 2 tu!

Hesabu haijadanganya popote. Themanini wenye 70 na ishirini wenye 50 wanatoa wastani wa 66. Thelathini wenye 68 na sabini wenye 48 wanatoa 54. Alama 10 kati ya zile 12 zimetokana na jinsi watu walivyogawanyika, yaani waliokuwa wazuri tangu awali ndio waliojaa upande wa wahudhuriaji. Wataalamu wa takwimu hukiita kitu kama hiki, kinachogusa pande zote mbili kwa wakati mmoja, kigezo kivurugi.

Je, alama 2 zilizobaki tuzikabidhi kwa mahudhurio? Bado. Matokeo ya mwaka jana ni kipimo kimoja tu cha yale yanayowatofautisha wanafunzi. Wawili waliopata alama sawa mwaka jana wanaweza kuwa mmoja anauguza mzazi mwaka huu na mwingine hana shida yoyote. Tunaweza kutenganisha kwa kile tulichokipima, lakini tusichokipima kinabaki humo humo kwenye pengo.

Halafu kuna uwezekano ambao husahaulika sana: mshale unaweza kuelekea upande wa pili. Mwanafunzi anafeli jaribio la kwanza, anakata tamaa, anaanza kukosa vipindi. Mwisho wa muhula daftari linaonyesha mahudhurio hafifu na alama hafifu, kumbe alama ndizo zilizotangulia. Dalili yake inaonekana ukitazama tarehe badala ya jumla. Mahudhurio yakiwa sawasawa hadi siku matokeo ya jaribio yaliporudishwa, kisha yakaporomoka kwa waliofeli tu, huwezi kusema utoro ndio uliowafelisha jaribio hilo. Na kabla ya yote hayo, uliza kama mahudhurio yenyewe yamepewa alama ndani ya matokeo ya mwisho. Yakiwa yamepewa, sehemu ya uwiano umeitengeneza mwenyewe kwa kalamu.

Njia safi ingekuwa kuwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, lakini ni nani atamwambia mtoto wa watu asije darasani muhula mzima? Watafiti wakatafuta njia ya kando. Dobkin, Gil na Marion, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walichukua madarasa matatu makubwa ya uchumi chuoni na kuweka sharti: aliyepata chini ya alama ya katikati kwenye mtihani wa nusu muhula analazimika kuhudhuria, aliyepata juu yake yuko huru. Uzuri wa mpango huu uko pale mpakani. Aliyekosa mpaka kwa alama moja na aliyeuvuka kwa alama moja karibu ni mtu yule yule, bidii yao haitofautiani sana, maana alama moja huja hata kwa swali moja la kubahatisha. Kinachowatofautisha ni lile sharti.

Hapo mpakani, mahudhurio ya waliolazimishwa baada ya mtihani wa nusu muhula yalikuwa juu kwa kama asilimia 36 ya vipindi. Alama zao za mtihani wa mwisho nazo zilipanda. Makadirio yao ni kwamba kila nyongeza ya asilimia 10 katika mahudhurio ya jumla ilileta nyongeza ya 0.17 ya mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Mkengeuko huo ukiwa alama 12, nyongeza hiyo ni kama alama 2. Kwa madarasa yale, basi, kuhudhuria kulisaidia kweli.

Usikimbilie kuandika sheria, hata hivyo. Mwaka 2021 Kapoor, Oosterveen na Webbink walichapisha utafiti wa aina hiyo hiyo kutoka chuo kikuu kimoja kikubwa cha Ulaya. Huko, waliopata wastani chini ya 7 kati ya 10 mwaka wa kwanza walilazimishwa kuhudhuria mara kwa mara mwaka wote wa pili. Mpaka ulikuwepo, ulinganisho wa mpakani ulikuwepo, lakini safari hii walioangukia upande wa kulazimishwa walipata alama za chini kuliko wenzao walioachwa huru. Tafsiri ninayoiona ya busara ni kwamba saa ya darasani hutolewa kwenye saa nyingine. Kama mwanafunzi alikuwa akiitumia saa hiyo kufanya mazoezi peke yake na kufanikiwa, kumketisha kwenye kiti kunamgharimu.

Tafiti zote mbili zinawazungumzia walio karibu na mpaka tu. Mwanafunzi wa mwisho kabisa darasani, ambaye ndiye walimu humfikiria wanapotunga sharti la mahudhurio, hayumo kwenye ulinganisho wowote kati ya hizo mbili.