Uhifadhi wa mahindi bila hewa: mfuko, kihenge cha chuma au gunia?

Kuhifadhi nafaka bila hewa ni kuifungia mahali ambapo hewa ya nje haiingii, kisha kuwaacha wadudu waliomo waimalize oksijeni iliyobaki ndani. Hakuna dawa inayotiwa. Mfuko wenye matabaka ya nailoni nzito unaweza kazi hiyo, na kihenge cha bati kilichozibwa barabara kinaiweza pia. Gunia la katani au la sandarusi haliiwezi, kwa sababu hewa hupita kati ya nyuzi zake. Hilo ndilo linaloamua kama fukusi watakufa au watazaliana. Kuhusu ukungu mambo ni tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wengi hupoteza mahindi yakiwa ndani ya mfuko mzuri tu.

Tuanze na fukusi. Jike hutoboa punje kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani ya tundu, kisha huliziba kwa ute unaokauka. Kwa macho huoni kitu. Buu huanguliwa na kuila punje kutoka ndani, na katika joto la nyuzi 27 hadi 30 fukusi mzima hutoka baada ya wiki tano hivi. Mara nyingi safari hii huanza shambani, mahindi yanapokaukia kwenye mabua. Ndiyo maana mahindi yaliyopepetwa yakang'aa siku ya kufungwa yanaweza kujaa wadudu mwezi uliofuata, na mwenyewe akadhani wameingia kutoka nje. Waliingia pamoja na mavuno.

Sasa chukua kilo 50 za mahindi zilizofungwa barabara. Hujaza nafasi ya lita 70 hivi, na karibu asilimia 40 ya nafasi hiyo ni hewa iliyo kati ya punje. Hiyo ni lita 28 za hewa, na oksijeni ndani yake haifiki lita sita. Fukusi na mabuu yao wanapumua usiku na mchana, na kama wapo wengi, katika siku chache oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi chini ya asilimia 5. Wakifika hapo huacha kula na kutaga. Kinachowaua hasa ni kiu. Mdudu anayeishi ndani ya nafaka kavu hana maji ya kunywa. Mwili wake hujitengenezea maji kwa kuchoma chakula, na bila oksijeni kazi hiyo inasimama, naye hukauka polepole. Kwa hiyo mfuko uliofungwa jana ukifunguliwa leo utaona fukusi wanatembea, na hilo halionyeshi kwamba mfuko ni mbovu. Kinachohitajika ni kuuacha wiki kadhaa bila kuufungua, kwa sababu kila ufunguzi unawarudishia pumzi, hasa mabuu yaliyojificha ndani ya punje.

Mifuko hii ilivumbuliwa kwa ajili ya kunde. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue waliibuni nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiyo iliyokuja kujulikana kama PICS. Ina mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, na gunia la sandarusi kwa nje. Nailoni ndiyo inayozuia hewa. Gunia la nje ni la kubebea tu, nalo huikinga nailoni isichanike. Tabaka la pili lina sababu yake: dumuzi, yule mdudu mweusi mwenye umbo la mcheduara anayeacha unga mwingi, ana meno ya kutoboa nailoni, na akilipenya tabaka la ndani bado la pili linamzuilia hewa.

Ukungu hautegemei sana wadudu. Unategemea unyevu, na mfuko haukaushi kitu. Unachofungia ndani ndicho kitakachokaa ndani. Mahindi yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 au 13.5, si zaidi. Ukifungia mahindi ya asilimia 17 ndani ya nailoni, maji hayana pa kutokea. Usiku kuta za mfuko zikipoa, mvuke hugeuka matone, punje za pembeni hulowa, na baada ya muda unafungua unakutana na harufu ya uchachu na mabonge yaliyoshikana. Kuna wanaosema kwamba oksijeni ikiisha ukungu nao utakufa. Ni kweli kwamba ukosefu wa oksijeni huudhoofisha, lakini kabla haijaisha unakuwa umeshakua, na kama kuvu wanaotengeneza sumukuvu walianza shambani au kwenye uanikaji, sumu yao inabaki. Haiondolewi na mfuko, na kuchemsha hakuimalizi. Punje zilizooza, zilizopasuka na zenye rangi ya kijani au njano isiyo ya kawaida ziondolewe kwa mkono kabla ya kufunga.

Utajuaje kwamba yamekauka? Kipima unyevu ndicho chenye uhakika. Asiyenacho huchukua chupa ya kioo iliyo kavu, hutia mahindi hadi theluthi moja na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, hufunika, hutikisa kwa dakika moja, kisha huiacha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Hapa kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita: chumvi isiponata, umeambiwa tu kwamba uko chini ya 15, na 14.5 bado ni nyingi kwa mfuko wa nailoni. Mimi ningeyaanika tena siku moja au mbili za jua kali hata baada ya chumvi kukataa kunata. Gharama yake ni uzito kidogo tu. Kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13 hubaki kilo 942 hivi, na kilichopungua ni maji.

Kihenge cha chuma hufuata kanuni ileile kwa kiasi kikubwa zaidi. Huundwa kwa bati lililopakwa zinki, kikiwa na mlango mpana juu wa kujazia na mdogo chini wa kutolea. Panya hawakitoboi, dumuzi hawakitoboi, na kikitunzwa hudumu miaka mingi. Udhaifu wake uko mahali pawili. Wa kwanza ni nafasi tupu. Kihenge cha kilo 1,000 kikijaa kina karibu lita 560 za hewa kati ya punje. Kikiwa na kilo 500 kina lita 280 kati ya punje na nyingine 700 juu yake, yaani kwa kila kilo ya mahindi wadudu wana hewa zaidi ya mara tatu. Wengine huwasha mshumaa juu ya mahindi kisha hufunga ili moto uile oksijeni. Mshumaa huzimika mapema, oksijeni nyingi ikiwa bado ipo, kwa hiyo kihenge kilichojaa nusu usikitegemee kwa mshumaa peke yake. Milango nayo lazima izibwe kwa mpira au utepe kila mara inapofunguliwa.

Udhaifu wa pili ni joto. Bati likipigwa na jua upande mmoja, mvuke hutoka kwenye mahindi yenye joto na kugeuka maji kwenye upande uliopoa, na tabaka la juu linaota ukungu ingawa yalijazwa yakiwa makavu. Kihenge kikae kwenye kivuli, chini ya paa, juu ya mbao zinazokiinua kutoka sakafuni. Mahindi yaliyotoka juani yaachwe yapoe kabla ya kumiminwa ndani.

Gunia la kawaida lina kazi yake pia. Kwa kuwa linapumua, mahindi ambayo hayajafikia ukavu kamili huendelea kupoteza maji humo kama hewa ni kavu, na hili mfuko wa nailoni hauliwezi. Lakini njia hiyo ni ya pande mbili: hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi kwa wiki nyingi, mahindi makavu ndani ya gunia huvuta maji tena. Na fukusi huingia na kutoka watakavyo. Dawa ya unga husaidia kwa miezi kadhaa, ikitumiwa ile iliyosajiliwa kwa nafaka ya chakula na kwa kipimo cha kwenye pakiti, na nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kwa mahindi yatakayoliwa au kuuzwa mapema, gunia safi juu ya mbao, mbali na ukuta, linatosha.

Tuseme kaya imevuna kilo 720 zilizokauka, na inakula kilo 60 kwa mwezi. Za miezi miwili ya kwanza, kilo 120, ziwekwe kwenye magunia na ziliwe kwanza. Zinabaki 600. Ukizitia kwenye mifuko sita ya kilo 100, kila mmoja ukishafunguliwa utakaa wazi siku 50, na hizo zinatosha kizazi kizima cha fukusi kukua kama kuna mayai yaliyonusurika au wadudu walioingia. Ukizitia kwenye mifuko kumi na miwili ya kilo 50, kila mmoja unaisha kwa siku 25, kabla ya wiki tano kutimia, na mingine kumi na mmoja haijaguswa. Kwa kaya hii ningechagua mifuko midogo bila kusita. Kihenge cha kilo 600 kingefunguliwa kila wiki na kuzidi kuwa kitupu. Kingefaa kwa anayejaza mara moja, anafunga kwa miezi mingi, kisha anatoa mzigo wote kwa siku chache ili auze.

Ufungaji wenyewe ndio unaokosewa zaidi. Kabla ya kujaza, puliza hewa ndani ya kila mfuko wa nailoni, sokota mdomo, kandamiza na usikilize. Hewa ikivuma mahali, pana tundu. Jaza huku ukishindilia ili hewa ipungue, na uache nailoni ya kutosha juu kwa ajili ya kusokota. Sokota mdomo wa mfuko wa ndani hadi uwe mgumu kama kamba, ukunje, ufunge kwa ukanda wa mpira, halafu fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kila mmoja na fundo lake. Kuufunga wa pili juu ya fundo la kwanza kwa kamba moja huacha njia ya hewa.

Baada ya miezi miwili fungua mfuko mmoja. Fukusi waliokufa na punje zenye matundu machache inamaanisha mfuko ulifanya kazi. Wakiwa hai, tafuta tundu la nailoni, na ukiliona uzibe kwa utepe wa gundi, au uhamishie mahindi kwenye mfuko mzima. Ukikuta harufu ya ukungu, mabonge au joto unapozamisha mkono, yamwage yote na uyachambue. Yaliyoota ukungu yasiliwe na yasipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Yaliyo mazima yaanikwe upya kabla ya kurudishwa kwenye mfuko wowote.