Je, wajua? Siku 14 za kujitoa hazianzi siku unapokatwa pesa

"Nilichukua abonema ya mwezi mmoja bure, nikasahau kuifunga, ikanikata feza ya mwaka muzima. Si nina siku 14 za kujitoa?"

Mara nyingi huna tena, na sababu iko kwenye kalenda. Sheria ya Ulaya, ambako hizo siku 14 zinatoka, kwa abonema kama hii inazihesabu tangu siku mkataba ulipofungwa, na mkataba ulifungwa siku ile ulipobonyeza kitufe cha majaribio ya bure. Hadi pesa inakatwa, siku hizo huwa zimekwisha. Lakini abonema ikijirudia mwaka wa pili kuna ulinzi mwingine kabisa, na wengi hawaujui kwa sababu macho yetu yote yako kwenye zile 14.

Nami nilikosea hapo hapo. Tarehe 4 Machi 2024, nikiwa hapa Lubumbashi, nilijiandikisha kwenye masomo ya Kiingereza ya kampuni moja ya Ufaransa: siku 30 bure, kisha dola 96 kwa mwaka. Tarehe 3 Aprili benki ikanitumia ujumbe kwamba dola 96 zimetoka. Sikuogopa. Nilimpigia binamu yangu ambaye ni wakili.

"Metre, wamenikata leo. Nina siku 14, sivyo?"

"Yaya, ulijiandikisha lini?"

"Mwezi wa tatu, tarehe nne."

"Basi zilikwisha tarehe 18 mwezi huo huo. Ulikuwa bado unasoma bure."

Sikumwamini. Nilimwona kama anaitetea kampuni. Nilikuwa nimesikia habari za siku 14 kwa watu wengi sana, na kila aliyenieleza alizieleza kama haki inayofuata pesa: ukilipa, saa inaanza, ukilipa tena, saa inaanza upya. Wengine huongeza kwamba inahusu kila kitu unachonunua. Hata wenyeji wa Ulaya wengi wanaamini hivyo, ilhali kule mtu akinunua viatu dukani kwa mkono wake hana siku hata moja anayopewa na sheria hiyo. Duka likikubali kurudisha, ni hiari yake. Maagizo ya Ulaya namba 2011/83 yanatoa siku 14 kwa mikataba ya namna mbili tu: ile inayofanywa kwa mbali, kama simu au mtandao, na ile inayofanywa nje ya duka, kama muuzaji anapokujia nyumbani. Hata humo kuna vitu vingi vilivyoachwa nje.

Kwa nini namna hizo mbili? Ukilielewa hili, mengine yote yanafunguka. Fikiria mama anayenunua kitenge kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Anakishika, anakikunja kuona kama kinaacha alama, anakivuta pembe, anakipeleka mwangani aone kama rangi imeingia pande zote. Akimaliza, analipa. Hakuna aliyemwonea, kwa kuwa mkono wake ulisema kabla ya pesa yake. Sasa fikiria mama huyo huyo anaagiza kitenge kwa picha kwenye simu. Mkono wake haupo. Analipa kwanza, anashika baadaye. Siku 14 ni mkono huo, uliocheleweshwa: sheria inampa muda wa kushika kitambaa, na kama si kile alichodhani, akirudishe bila kueleza sababu. Namna ya pili inafanana nayo: muuzaji aliyesimama mlangoni kwako hakukupa nafasi ya kuzunguka meza tatu ukilinganisha.

Basi ukiutazama mwezi wa bure kwa jicho hilo, unaona tatizo langu. Mwezi wa bure wenyewe ni kushika kitambaa. Kwa siku 30 nilifungua masomo, nikasikiliza sauti za walimu, nikajua kila kitu kuhusu nilichokuwa naenda kulipia. Nilipewa mkono mara mbili, mara moja na sheria na mara moja na kampuni, na yote miwili ilienda sambamba. Siku ya 31 sikuwa na cha kugundua.

Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Chama cha kutetea walaji cha Austria kiliishitaki Sofatutor, kampuni ya Berlin yenye jukwaa la masomo ya wanafunzi mtandaoni, ambayo nayo ilitoa siku 30 za bure na baadaye malipo, kisha kujirudia kwa mkataba. Chama kilidai mteja apate haki mpya ya kujitoa pale bure inapogeuka malipo, na tena pale mkataba unapoongezwa. Tarehe 5 Oktoba 2023 mahakama ikajibu: haki ni moja, inatolewa mara moja.

Iliweka sharti moja, na mimi nalipenda sana sharti hilo. Haki inabaki moja ikiwa tu mteja, siku ya kujiandikisha, aliambiwa waziwazi kwamba mwezi wa bure utafuatwa na malipo. Kama bei ilifichwa, mkono wake ulishika kitambaa asichojua bei yake, na hapo anapata siku 14 nyingine baada ya mwezi wa bure kwisha. Kwa hiyo cha kutafuta ni barua pepe ya kuthibitisha uliyopokea siku ya kwanza, pamoja na picha ya ukurasa wa kujiandikisha kama unayo. Je, bei na tarehe ya kuanza kulipa vimeandikwa humo? Yangu ilisema wazi: bure hadi tarehe fulani, kisha dola 96. Nilipoisoma upya nikajua dola hizo zimekwenda kwa haki.

Mwaka ukapita. Tarehe 3 Aprili 2025 dola 96 nyingine zikatoka. Hapa hesabu ni tofauti.

Mkataba unaojiongeza wenyewe mwenye nao akinyamaza, wanasheria wa hapa wanauita takit rekondiksion. Mteja hahitaji tena kushika kitambaa, kwani amekitumia mwaka mzima. Anachohitaji ni kukumbushwa. Ni kama kupanga nyumba Kamalondo: nyumba unaijua, mvua inapovuja unapajua, ila ungependa kujua mapema siku ambayo kunyamaza kwako kutahesabiwa kuwa umekubali mwaka mwingine.

Ufaransa ilianza kulishughulikia hilo kwa sheria ya tarehe 28 Januari 2005, inayojulikana kama sheria Shateli, na leo liko kwenye kifungu L.215-1 cha kanuni yao ya walaji. Kampuni inatakiwa kumwandikia mteja barua au barua pepe ya jambo hilo peke yake, si mstari uliochomekwa ndani ya tangazo. Barua ije si mapema kuliko miezi mitatu, wala si chini ya mwezi mmoja, kabla ya siku ya mwisho ya kukataa. Na siku hiyo ya mwisho iandikwe ndani ya kisanduku kinachoonekana. Ndiyo, sheria ya nchi imeagiza kuchorwa kisanduku. Ubelgiji nao wameagiza chao, lakini mahali pengine: kwenye mkataba wa huduma, sharti la kujirudia liwe kwa herufi nene, ndani ya fremu, upande wa mbele wa ukurasa wa kwanza. Nchi mbili jirani zimeona tatizo moja, macho yanayoruka maandishi, na zikalitibu kwa mistari minne.

Siku yangu ya mwisho ya kukataa ilikuwa tarehe 2 Aprili 2025. Barua ilipaswa kunifikia kati ya tarehe 2 Januari na 2 Machi. Nilitafuta kwenye barua pepe zangu zote, hata kwenye zile zilizotupwa kando kama takataka. Hakuna. Adhabu ya kosa hilo ni nzuri kwa mteja: anaweza kuvunja mkataba wakati wowote tangu ulipojirudia, bila gharama, na kampuni irudishe pesa ndani ya siku 30, ikitoa tu sehemu aliyokwisha kutumia. Niliandika tarehe 3 Juni. Miezi miwili nilikuwa nimetumia, dola 8 kila mwezi, jumla 16. Nilidai 80, nikitaja kifungu kwa namba yake na tarehe mbili ambazo barua ilipaswa kuwa katikati yake. Kampuni haikubishana. Pesa ilirudi kwenye karti ileile kabla ya Julai.

Kwa nini sheria ya Ufaransa inihusu mimi niliye Lubumbashi? Kwa sababu kampuni yenyewe iliandika hivyo. Kwenye masharti kuna kichwa "Droit applicable", na chini yake palisemwa kwamba mkataba unafuata sheria ya Ufaransa. Mstari huo ndio wa kusoma kwanza. Mstari ukitaja nchi nyingine, kisanduku cha Ufaransa hakina kazi kwako, nawe utaanza na sheria ya nchi iliyotajwa. Na kudai kwa barua ni rahisi, ila kampuni ikikataa, kuishitaki Ulaya ukiwa hapa kwa ajili ya dola 80 si jambo la kufanyika. Ndiyo maana barua ya kwanza iandikwe vizuri.

Kwa mkataba unaofuata sheria yetu ya Kongo, msingi ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya, wala hayavunjwi ila wote wakikubali au kwa sababu inayoruhusiwa na sheria. Humo hamna mkono uliocheleweshwa. Lakini kifungu hicho hicho kinamalizia kwamba makubaliano yatekelezwe kwa nia njema, na wakili anayetaka kupinga sharti la kujirudia lililofichwa anaweza kuanzia hapo. Kilichouzwa mtandaoni atakitazama pia katika Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023.

Kuna sharti moja ambalo tarehe zake zinaweza kukufunga hata ukiwa macho. Tuseme mkataba wa mwaka unakutaka ukatae miezi sita kabla ya mwisho, wakati bado hujajua kama utauhitaji. Maagizo ya Ulaya namba 93/13 yanataja tarehe ya kukataa iliyowekwa mapema kupita kiasi kati ya mifano ya masharti yanayoweza kuhesabiwa ya dhuluma. Ni mfano tu: hakimu ndiye anayepima kama ni mapema mno, akitazama urefu wa mkataba.

Na kwa walionunua kupitia Play Store: kufuta programu kwenye simu hakufungi abonema. Gusa picha yako, ingia "Paiements et abonnements", kisha "Abonnements", ufunge hapo. Ukifunga leo, muda uliokwisha kulipia kwa kawaida unabaki wako hadi siku yake ya mwisho. Kwa hiyo unaweza kufunga siku ile ile unapojiandikisha, baada tu ya kusoma kama mwezi wa bure utaendelea. Kufunga karti ya benki ni jambo jingine: kunazuia pesa isitoke, lakini mkataba unabaki hai, na kampuni inaweza kukuandikia kwamba una deni.