Kutostahimili laktozi: kwa nini maziwa hujaza tumbo gesi, na jinsi ya kujipima kwa kikombe

Laktozi ni sukari ya asili ya maziwa. Haiwezi kuingia kwenye damu ikiwa nzima. Lazima kwanza ikatwe vipande viwili, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kilichoko kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Laktesi ikiwa kidogo, laktozi hubaki utumboni na kuvuta maji, ndiyo maana kinyesi huwa chepesi. Ikifika utumbo mpana, bakteria huichachua na kutoa gesi: tumbo hujaa, hunguruma na kusokota. Dalili huanza kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa.

Upungufu huu kwa kawaida si ugonjwa. Watu wengi duniani laktesi yao hupungua baada ya utotoni, na wanaobaki nayo tele ukubwani, kama wengi katika jamii za wafugaji, wamerithi mabadiliko ya vinasaba. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walieleza mabadiliko ya aina hiyo waliyoyakuta kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Lakini hata mwenye laktesi ya kutosha anaweza kuipoteza kwa muda baada ya kuharisha sana, kwa sababu ukuta wa utumbo umeumia. Huyo hurudi kawaida baada ya wiki kadhaa.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kipimo. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktozi katika kila mililita 100, hivyo kikombe cha mililita 250 kina gramu 12 hivi. Wengi wenye laktesi kidogo huhimili kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, hasa wakinywa pamoja na chakula. Chukua mtu anayekunywa chai ya maziwa asubuhi, nusu maji nusu maziwa, pamoja na chapati: anapata gramu 6 na hasikii kitu. Jioni anakunywa bilauri mbili za maziwa matupu, tumbo likiwa wazi: gramu 24 zinafika utumboni kwa pamoja, na usiku hakuna usingizi. Atasema maziwa ya jioni yalikuwa mabovu, kumbe tofauti ni wingi na tumbo tupu.

Ili kujua kwa hakika, acha laktozi kwa wiki 2. Acha maziwa ya aina zote, ya mbuzi pia, kwani laktozi yake inakaribia ya ng'ombe, na kuchemsha hakuiondoi. Maziwa ya unga ndiyo yanayowaponyoka wengi: gramu 100 zake zina laktozi karibu gramu 38, nayo huingia kwenye biskuti, chokoleti na vinywaji vya unga. Soma pakiti. Samli haina shida, laktozi yake ni chembe tu. Kila siku andika ulichokula, saa, na hali ya tumbo. Usibadilishe kitu kingine wakati huo. Ukiacha maharage na maziwa kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kinakujaza gesi.

Dalili zikipungua, bado hujathibitisha. Rudisha maziwa: siku ya kwanza robo kikombe, baada ya siku mbili nusu, kisha kikombe kizima, ukinywa kati ya milo. Dalili zikirudi, na zikaongezeka kadiri kipimo kinavyopanda, umepata jibu, na umejua kikomo chako. Ukipata maziwa yaliyoondolewa laktozi, yanywe kwa kiasi kilekile siku nyingine: yakikusumbua vilevile, chanzo si laktozi. Na kama wiki 2 zimepita bila nafuu yoyote, rudia kula kawaida na utafute sababu nyingine.

Anayethibitisha hana haja ya kuacha maziwa moja kwa moja. Abaki chini ya kikomo chake, anywe na chakula, au ajaribu mtindi: bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktozi, na husaidia kuivunja iliyobaki. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao watamrudishia kalisi anayoikosa akipunguza maziwa.

Vipele, midomo kuvimba au kupumua kwa shida baada ya maziwa ni mzio wa protini ya maziwa. Usijipime nyumbani kwa namna hii. Damu kwenye kinyesi, homa, kupungua uzito, au kuharisha kunakokuamsha usiku bila maziwa kuhusika, hayo yaende kwa daktari. Mtoto anayenyonya asiachishwe kwa sababu ya kuharisha. Apelekwe kliniki akiendelea kunyonya.