Pishi mbili za tende za Bilali

Ninapofundisha riba kwenye kozi ya maadili ya biashara hapa Dar es Salaam, naanza na tende kabla ya benki. Abu Said al-Khudri amepokea, na wamenukuu Bukhari na Muslim, kwamba Bilali alimletea Mtume (s.a.w.) tende nzuri za barni. Alipoulizwa amezipata wapi, akasema alikuwa na tende duni, akatoa pishi mbili akapata pishi moja ya hizi. Mtume akasikitika, akamwambia hiyo ndiyo riba yenyewe: ukitaka kununua, uza kwanza tende zako, kisha nunua kwa thamani yake.

Hapo wanafunzi hushangaa, maana Bilali hakumkopesha mtu. Mmoja wao, mwenye duka la nafaka Kariakoo, aliandika hesabu ubaoni: kilo 20 za chenga kwa shilingi 1,500 ni 30,000, na kilo 10 za mchele wa Kyela kwa shilingi 3,000 ni 30,000. "Sasa mwalimu, nani kadhulumiwa?"

Nikamwuliza bei hizo kazipata wapi. Kwa watu waliouza na kununua kwa fedha, akasema. Basi hekima ninayoiona mimi ni hiyo. Wawili wakibadilishana chenga na Kyela kwa kukadiria, mjuzi wa soko humpunja asiyejua, na hakuna mizani itakayomfichua. Chenga ikiuzwa kwa fedha, bei inaonekana, na kila mmoja yuko huru kwenda duka jingine.

Hadithi nyingine inataja vitu sita: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi. Jinsi moja kwa jinsi moja, iwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Mchele haumo, lakini Mashafii, ambao ndio wengi pwani yetu, wanaona sababu katika vile vinne vya mwisho ni kuwa chakula, kwa hiyo mchele unaingia. Lumbesa nayo naiweka karibu na hapa: anayenunua kwa mkulima gunia lililofura kama gunia moja, kisha akauza kwa kilo kamili, amefanya kile kile kinacholaumiwa mwanzoni mwa Suratul Mutaffifin, kupokea kwa ukamilifu na kutoa kwa upungufu.

Mwenye duka akarudi na swali gumu zaidi. Mchele wa 30,000 taslimu, je, anaweza kuuza 33,000 kwa kulipwa baada ya mwezi? Jumhuri ya wanazuoni wanaruhusu, ikiwa bei moja imekatwa kabla ya kuachana, kwa sababu shilingi zinabadilishwa na mchele. Mwezi ukiisha mteja hana kitu, akaongezewa 3,000 za kuchelewa, hapo mchele umekwisha kuliwa zamani. Deni la 33,000 linageuzwa 36,000, shilingi kwa shilingi zaidi, na kinachouzwa ni muda. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamwelekeza mdai amngojee mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na ile 33,000 inabaki 33,000.