Kifuko Chenye Nukta: Lava wa Tegu Katika Picha ya CT ya Ubongo na Uhusiano Wake na Kifafa

Mtu mzima anapopatwa na mshtuko wa kifafa kwa mara ya kwanza maishani, akiwa hana homa wala hakuumia kichwa, daktari hana budi kutafuta kitu kilichouchokoza ubongo wake. Katika maeneo ambako nguruwe huachwa wazurure na vyoo ni haba, jibu mojawapo linaloonekana katika picha ya CT ni vifuko vidogo vya maji, vingine vikiwa na nukta nyeupe ndani. Hao ni lava wa tegu wa nguruwe, na ugonjwa wenyewe huitwa nyurosistiserkosisi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika maeneo mengi ambako tegu huyu ameenea, ugonjwa huu unahusishwa na takriban asilimia 30 ya visa vya kifafa. Makala haya yanahusu nukta hiyo: ni kitu gani, inasema nini, na kwa nini kifuko kinachoionyesha waziwazi mara nyingi sicho kinachomwangusha mgonjwa.

Ndugu wa mgonjwa wakishaelezwa majibu, kwa kawaida huuliza kama ameupata ugonjwa kwa kula nyama ya nguruwe. Jibu linahitaji uangalifu. Anayekula nyama yenye lava bila kuiva vizuri hupata tegu mzima, anayeishi katika utumbo na kutoa mayai yanayotoka na kinyesi. Lava wa ubongoni hatoki kwenye nyama hiyo, bali kwenye mayai yaliyomezwa, ama kwa mikono ya mtu mwenye tegu anayeandaa chakula bila kunawa, ama kwa maji na mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Yai likifika tumboni huanguliwa, na lava hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kupelekwa kwenye misuli, macho na ubongo. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kuwa na vifuko hivi, na si haki kumtilia shaka anaposema hajaila.

Lava akishatua ubongoni hujijengea kifuko chenye ukuta mwembamba na maji maangavu, ambacho kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 5 hadi 20. Katika picha ya CT, maji hayo huonekana meusi sawa na maji yanayouzunguka ubongo wenyewe. Nukta nyeupe iliyomo ndani ni kichwa cha tegu wa baadaye, sehemu yenye vinyonyio na kulabu ambayo angeitumia kujishikiza utumboni mwa mtu kama lava huyo angeliwa akiwa katika nyama. Nukta ina upana wa milimita chache tu, na aghalabu haikai katikati bali imeegemea upande mmoja wa ukuta. Maradhi mengine huweza kutengeneza vifuko ubongoni, lakini si rahisi kupata mengine yanayotoa kifuko cha ukubwa huu chenye kichwa cha mdudu ndani. Ndiyo maana wataalamu waliokubaliana juu ya vigezo vya utambuzi wameihesabu nukta hiyo miongoni mwa dalili chache zinazotosha kuthibitisha ugonjwa bila kusubiri kipimo kingine.

Hata hivyo, nukta huweza kuwapo isionekane. Picha ya CT hutengenezwa kwa vipande, na kipande chenye unene wa milimita 5 huchanganya mng'ao wa nukta ya milimita 2 na weusi wa maji yaliyo juu na chini yake, hadi nukta ikapotea. Vipande hivyohivyo vikitengenezwa upya kwa unene wa milimita 1, nukta huweza kujitokeza. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta ya mashine, na kwa maoni yangu mgonjwa yeyote mwenye kifuko kisichoelezeka anastahili kufanyiwa hivyo kabla ya kuandikiwa majibu yenye mashaka. Kipimo cha MRI huiona nukta vizuri zaidi, na huona pia vifuko vilivyojificha ndani ya vyumba vya maji vya ubongo, ambavyo CT huvikosa kwa sababu maji yake yanafanana na yale yanayovizunguka. Lakini CT nayo ina ubora wake, kwani huona chokaa vizuri kuliko MRI, na tutaona hivi punde kwamba chokaa ni sehemu kubwa ya habari hii.

Kifuko chenye maji meusi, ukuta usiokunywa dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani na nukta iliyo safi ni kifuko chenye lava aliye hai. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba lava huyo hai anaweza kukaa ubongoni kwa miaka mingi bila mwenyeji wake kuhisi chochote, kwa sababu hutoa kemikali zinazoituliza kinga ya mwili. Uchunguzi uliofanywa kwa askari wa Uingereza waliokuwa wametumikia India, ukachapishwa mwaka 1961, ulionyesha kwamba dalili kwa kawaida zilianza miaka kadhaa baada ya kuambukizwa, wengi wao wakiwa wamekwisha kurudi kwao. Utulivu huo huisha lava anapozeeka au anapodhoofishwa na dawa. Kinga humtambua, chembe za ulinzi hukusanyika, maji ya kifuko hugeuka mazito, na tishu za ubongo zilizo jirani huvimba. Uvimbe huo na kemikali zake ndivyo vinavyovuruga umeme wa ubongo na kuleta mshtuko. Katika picha, ukuta sasa hunywa dawa ya kung'arisha na kung'aa kama pete, weusi wa uvimbe wa maji huenea pembeni, na nukta hufifia. Baada ya hapo pete husinyaa ikawa kinundu, na hatimaye kinundu hukauka na kujaa chokaa, kikabaki chembe nyeupe yenye milimita chache.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya kueleza. Mwanamume wa miaka 28 ameanza kutetemeka vidole vya mkono wa kulia, mtetemeko ukapanda hadi begani, kisha akapoteza fahamu na mwili wote ukashtuka. Picha ya CT inaonyesha mambo matatu. Upande wa kulia wa ubongo, mbele, kuna kifuko cha milimita 12 chenye nukta nzuri na hakuna uvimbe wowote pembeni. Upande wa kushoto, karibu na eneo linaloongoza mkono, kuna pete ya milimita 9 iliyozungukwa na uvimbe. Nyuma kuna chembe mbili za chokaa. Msomaji wa picha huvutwa na kifuko cha kulia kwa sababu ndicho kinachopendeza kukipiga picha, lakini mshtuko ulianza mkono wa kulia, ambao huongozwa na upande wa kushoto wa ubongo. Anayemwangusha mgonjwa ni lava anayekufa kushoto. Kifuko chenye nukta hakina hatia kwa sasa, ila kina manufaa makubwa kwa daktari: kinathibitisha kwamba pete iliyo upande wa pili ni hatua ya baadaye ya ugonjwa uleule.

Bila kifuko hicho cha kulia, pete pekee ingeleta shida. Kifua kikuu cha ubongo nacho hutoa pete, vivyo hivyo jipu, saratani iliyosambaa, na ugonjwa wa kimelea uitwao toksoplazmosi kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka. Pete inayozidi milimita 20, yenye umbo lisilo laini, inayousukuma ubongo kando au inayoandamana na udhaifu wa mwili unaoongezeka siku hadi siku, humfanya daktari afikirie zaidi kifua kikuu au uvimbe mwingine. Kipimo cha damu cha kingamwili husaidia mtu mwenye vifuko vingi hai, lakini kwa mwenye pete moja tu au chokaa peke yake huweza kutoa jibu la kutokuwapo ilhali ugonjwa upo.

Kinachotibiwa kwanza ni kifafa na uvimbe, wala si mdudu. Mgonjwa wetu ataanzishiwa dawa za kuzuia kifafa, kisha atapimwa macho, kwa kuwa lava akifia ndani ya jicho anaweza kuleta upofu. Dawa za steroidi hutolewa kabla ya dawa ya minyoo ili kupunguza uvimbe utakaozuka lava wengine wakifa. Ndipo hupewa albendazoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Kwa mwenye vifuko zaidi ya viwili vilivyo hai, miongozo huongeza dawa nyingine ya minyoo, prazikwanteli. Mwenye chembe za chokaa pekee hapewi dawa ya minyoo, kwa sababu hakuna aliye hai wa kuuawa. Na yule ambaye ubongo wake wote umevimba kutokana na vifuko vingi vinavyoshambuliwa na kinga kwa wakati mmoja, au ambaye njia ya maji ya ubongo imeziba na shinikizo la kichwa limepanda, dawa hiyo inaweza kumuua. Huyo hushughulikiwa kwanza uvimbe au shinikizo lenyewe, wakati mwingine kwa upasuaji. Kwa sababu hizo zote, kununua dawa ya minyoo dukani na kuimeza kwa sababu ya kifafa ni hatari, hasa kabla ya picha ya ubongo kupigwa.

Picha hurudiwa baada ya miezi 6 hivi. Kama pete imetoweka kabisa na mgonjwa hajashtuka tena, daktari anaweza kufikiria kupunguza dawa za kifafa polepole. Kama imeacha chokaa, tahadhari huwa ndefu zaidi, maana chembe hizo ambazo zamani zilidhaniwa ni makovu tulivu zimeonekana kuzungukwa upya na uvimbe mara kwa mara kwa baadhi ya wagonjwa, na mshtuko hurudi sambamba na uvimbe huo. Jambo hilo huonekana vizuri picha ikipigwa ndani ya siku chache baada ya mshtuko, kwa hiyo ni vema mgonjwa asichelewe kurudi hospitali akidhani kwamba ugonjwa umekwisha kwa kuwa ulishatajwa kuwa umekauka.

Watu wanaoishi nyumba moja na mgonjwa, na yeye mwenyewe, hupimwa kinyesi, kwa sababu mwenye tegu utumboni huenda ndiye chanzo cha mayai na mara nyingi hajijui. Anayepatikana naye hutibiwa kwa niklosamidi, ambayo hufanya kazi utumboni bila kufyonzwa na mwili, au kwa prazikwanteli. Hii ya pili hufika hadi ubongoni, na ikimkuta mtu mwenye vifuko asivyovijua inaweza kumletea mshtuko wake wa kwanza. Kwa hiyo aliyewahi kuanguka kifafa au mwenye maumivu makali ya kichwa yasiyoisha anapaswa kumweleza mhudumu wa afya kabla ya kuimeza.