Akiba ya fezi: kupanga kitangulizi bila kupoteza kasi ya servo

Servo ya nafasi ni mota inayoambiwa "nenda nyuzi 40", ikajipima yenyewe kwa enkoda, ikasahihisha tofauti hadi ifike. Tuchukue karakana moja ya Kampemba, mjini Lubumbashi, inayotengeneza mkono unaozungusha kichwa cha kukatia mabamba ya chuma. Mkono unapaswa kufuata kona za mchoro kwa wepesi, kwa hiyo upana wa bendi, yaani masafa ya haraka kabisa ambayo mkono bado unayafuata, umeshapangwa na kazi yenyewe na hauguswi. Tatizo ni kwamba kila ukiuamuru usogee, unapita alama, unarudi, unapita tena, na bamba linatoka na ukingo wa mawimbi.

Ukiitikisa mota kwa wimbi la volti, nafasi yake huitikia kwa wimbi lilelile lakini limechelewa. Kuchelewa huko hupimwa kwa nyuzi na huitwa fezi. Kadiri wimbi linavyokuwa la haraka, ndivyo fezi inavyozidi kurudi nyuma na mwitikio unavyopungua nguvu. Kuna masafa fulani ambapo ukuzaji wa mzunguko mzima, kutoka kosa hadi nafasi, ni 1 kamili. Hayo tuyaite masafa ya kuvuka. Ikiwa hapo fezi imefika nyuzi 180 nyuma, sahihisho linafika likiwa limegeuka kuwa msukumo, na mkono hautulii kabisa. Akiba ya fezi ni nyuzi zilizobaki kabla ya kufika 180. Ikiwa 10, mkono unacheza muda mrefu. Ikiwa 50 hadi 60, unatulia vizuri.

Mota yetu, pamoja na giaboksi, ina umbo hili:

```
G(s) = 2 / ( s (1 + 0.1 s) )
```

Yaani volti 1 huipa mwendo wa radiani 2 kwa sekunde, nayo huhitaji takriban sekunde 0.1 kushika mwendo huo. Upana wa bendi wa servo iliyofungwa kwa kawaida huwa karibu mara moja na nusu ya masafa ya kuvuka, kwa hiyo kwa herzi 7 hivi tunaweka kuvuka kwenye radiani 30 kwa sekunde. Hapo mota peke yake imechelewa nyuzi 90 za kugeuza mwendo kuwa nafasi, na nyingine 71.6 za uzito wake. Akiba ni 18.4. Bado programu: mzunguko wake ni milisekunde 5, na ukijumlisha kushikilia volti na kukokotoa, ucheleweshaji nao ni karibu milisekunde 5. Kwenye radiani 30 hiyo inakula nyuzi 8.6. Tumebaki na 9.8. Wengi husahau kipande hiki cha programu, kisha wanashangaa kwa nini hesabu za karatasini ni nzuri na mkono bado unacheza.

Fundi atauliza, na ana haki: "Mukubwa, si tupunguze tu nguvu?" Inawezekana. Ukipunguza ukuzaji hadi akiba ifike nyuzi 55, masafa ya kuvuka yanashuka mpaka radiani 6.5 kwa sekunde. Mkono unatulia, lakini umekuwa mzito zaidi ya mara nne na kona zote zinakatwa mviringo. Ndiyo sababu tunahitaji kitangulizi, yaani kifidia kinachosogeza fezi mbele katika eneo moja la masafa tu:

```
C(s) = Kc (1 + s/wz) / (1 + s/wp)
```

`Kc` ni ukuzaji wake kwa mawimbi ya polepole, kona ya chini ya eneo hilo la masafa ni `wz`, kona ya juu ni `wp`, na uwiano wake `a = wp/wz` ndio unaoamua fezi ya juu kabisa unayoweza kupata. Fezi hiyo, tuiite `F`, hutokea katikati ya kona mbili, kwenye mzizi wa `wz*wp`:

```
a = (1 + sin F) / (1 - sin F)
```

Mafunzo mengi huanza na ukuzaji uliowekwa, kisha kitangulizi kikiongezwa masafa ya kuvuka yanahama kwenda juu, na unalazimika kuongeza nyuzi kadhaa za kubahatisha. Upana wa bendi ukiwa umeshapangwa, kazi ni rahisi zaidi: weka kilele cha fezi juu ya masafa ya kuvuka yenyewe, halafu acha ukuzaji ujirekebishe. Hakuna cha kubahatisha.

Tunataka 55, tuna 9.8, basi `F` ni nyuzi 45. Uwiano unatoka 5.83 na mzizi wake ni 2.414. Kona ya chini ni 30/2.414, yaani 12.4, kona ya juu ni 30 × 2.414, yaani 72.4. Katikati hapo kitangulizi chenyewe hukuza mara 2.414, kwa hiyo `Kc` lazima ipungue kwa kiasi hichohicho ili kuvuka kubaki kwenye 30. Mota peke yake ingehitaji volti 47.4 kwa radiani. Sasa `Kc` ni 19.65.

Bei ya kitangulizi ndiyo hiyo, nayo inaonekana kwa macho. Ikiwa giaboksi inahitaji volti 0.6 kushinda msuguano wa kusimama, mkono utasimama ukiwa na kosa la hadi 0.6/19.65, yaani nyuzi 1.75. Kwa ukuzaji wa awali ingekuwa 0.73. Ikiwa 1.75 ni nyingi kwa bamba lako, ongeza kiunganishi cha polepole pembeni, yaani sehemu inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita. Usipandishe `Kc`, kwa sababu utahamisha kuvuka na kula akiba uliyoinunua.

Kwenye programu ya milisekunde 5, kitangulizi kinakuwa mstari mmoja, ambapo `e` ni kosa na `u` ni volti, nazo `e1` na `u1` ni zile za mzunguko uliopita:

```
u = 0.6935*u1 + 19.65*(5.085*e - 4.7785*e1);
```

Angalia 5.085. Kosa likiruka ghafla, volti inaruka mara tano ya vile `Kc` peke yake ingetoa: karibu volti 100 kwa radiani 1. Chanzo cha volti 24 kinafika kikomo kwa amri ya ghafla ya nyuzi 14 tu, na kikifika kikomo kitangulizi hakifanyi kazi yake. Kwa hiyo jaribu kwa hatua ya nyuzi 5, ukichora `u` pamoja na nafasi. Mkono ukipitiliza kati ya 10% na 20% kisha ukatulia, akiba ipo. Ukitulia kwa hatua ndogo na kucheza kwa kubwa, mchoro wa `u` utaonyesha kilele kilichokatwa bapa. Hapo dawa ni kulainisha amri, kwa kuwa hesabu ya kitangulizi haina kosa. Mota ikinguruma ikiwa imesimama, tazama enkoda: ya hatua 4096 kwa mzunguko, hatua moja tu inatikisa volti 0.15.

Kitangulizi kimoja kinafika nyuzi 60 hivi kwa uwiano wa karibu 14. Ukitaka 70 uwiano unapanda hadi 32, na kelele ya enkoda inapanda nao. Kabla ya kufika huko, punguza kwanza ucheleweshaji wa programu. Ukishuka kutoka milisekunde 5 hadi 1, unarudishiwa nyuzi 6.9 bure, kitangulizi kinahitaji 38 tu, `Kc` inapanda hadi 23, na kosa la msuguano linashuka hadi nyuzi 1.5.